Maziwa yanapotea kati ya kituo na kiwanda, mimi ndiye karani. Nisaidieni

KaraniNjoro: Habari zenu wakuu. Mimi ni karani wa ushirika mdogo wa maziwa huku Njoro. Mwezi uliopita daftari langu lilifunga na 12,400. Stakabadhi za kiwanda zikijumlishwa ni 12,031. Zimepotea 369, na Jumamosi kuna mkutano. Dereva anaapa hajagusa. Nianzie wapi?

Mzee_wa_Molo: Anzia kwa dereva. Kijana wa lori akikuapia asubuhi, jioni hotelini kuna chai ya maziwa mengi.

MamaOlenguruone: Poleni. Mimi mwaka jana yangu yalimwagwa siku nne mfululizo. Ng'ombe alidungwa dawa ya kiwele na daktari hakuniambia nisilete. Karani wetu hata hakunisalimia. Nyinyi makarani mna roho ngumu.

Kopo_Tupu: Ng'ombe wa Njoro wamejifunza kukopa 😂

FundiMizani: Ndugu karani, 12,400 ya nini? Kilo au lita? Nilishika daftari kama hilo miaka mingi.

KaraniNjoro: Tunapima kwa mizani ya kuning'iniza, kiwanda kinaandika lita, lakini si ni kitu kimoja tu?

Mwl_Otis: Ni kitu kimoja. Lita moja ni kilo moja, nawafundisha darasa la sita kila mwaka.

FundiMizani: Ya maji, mwalimu. Maziwa ni mazito kidogo. Ukitumbukiza laktometa kwenye maziwa safi inasoma kati ya 28 na 32, maana yake lita moja ina kilo 1.028 hadi 1.032. Gawanya 12,400 kwa 1.03, unapata kama lita 12,039. Upungufu wako halisi ni lita 8, na hizo zimebaki zikishika kwenye makopo. Mwache dereva wa watu. Hiyo 1.03 nayo ni makadirio: mafuta na joto huisogeza kidogo. Sasa swali: wakulima umewalipaje?

KaraniNjoro: Kwa bei ya lita. Daraja A shilingi 50, B 47.

FundiMizani: Kwa hizo kilo bila kugawanya?

KaraniNjoro: ...Si wote. Nilitoa asilimia 3 kwa wale wa daraja B. Nikaiita "upotevu". Maziwa yao ndiyo huwa na maji, kwa hivyo niliona ni haki wao wabebe. Mwenyekiti alijua.

MamaOlenguruone: Nilisema roho ngumu!

Ndama_Mweusi: Subirini. Akaunti imefunguliwa leo, na karani mzima hajui mizani yake inasoma kilo? Huyu ni mkulima anayemwinda karani wake. Ama ni mwenyekiti. Admini, funga uzi.

KaraniNjoro: Ningekuwa mkulima ningejua hii? Hii hapa iko kwenye karatasi ya malipo, safu ya D ni jumla ya mwezi:

```
=D5*0.97*47
```

Ndama_Mweusi: Hata mimi naweza kuandika hiyo.

FundiMizani: Awe nani, hesabu ni ya kweli. Hiyo 0.97 si ajabu, kugawanya kwa 1.03 kunakupeleka karibu hapo hapo. Balaa ni 47. Huyo wa mstari wa 5 alileta B kila siku?

KaraniNjoro: Hapana. Ni mama wa kilo 310. Kilo 40 ndizo zilikuwa B, siku chache. Lakini ukishaharibu mwezi umeharibu, ndivyo wanavyojifunza.

FundiMizani: Daraja huandikwa kwa kila kopo, karani, si kwa mtu. Kilo 270 za A ni lita 262.1 mara 50: 13,105. Kilo 40 za B ni lita 38.8 mara 47: 1,823.60. Jumla 14,928.60 kabla ya makato. Wewe ulimwandikia 14,132.90. Umemkata shilingi 795.70, na kati ya hizo 786.30 ni za daraja. Na wa A uliwalipa kilo kama lita, yaani ushirika umewazidishia. Weka kilo za A safu ya D na za B safu ya E:

```
=ROUND(D5/1.03,1)*50+ROUND(E5/1.03,1)*47
```

Usafiri, chakula cha ng'ombe na mkopo vitolewe baada ya hapo, kila kimoja na safu yake. "Upotevu" si jina la kato.

Mzee_wa_Molo: Wa A warudishe pesa? Jaribu kumwambia mkulima hivyo.

FundiMizani: Hapo sijui. Angalia kumbukumbu za mkutano mkuu, bei iliandikwa kwa kilo au kwa lita. Ikiwa kwa kilo, wa A wamelipwa sawa, lakini wa B mmewaonea mara mbili.

KaraniNjoro: Kitabu cha kumbukumbu kiko kwa mwenyekiti.

Ndama_Mweusi: Naona.

KaraniNjoro: Na nikiandika "marekebisho ya daraja" kwenye karatasi ya mwezi huu, bila kutaja mkutanoni?

MamaOlenguruone: Yule mama umeshamwambia kuhusu hizo 795?