Tupeane uzoefu: asiyeona au mzito wa masikio anajipatiaje riziki hapa Lamu?

Bi Shela: Mwanangu ana miaka 19, macho yanafifia. Jana jirani kaniambia nimkalishe mlangoni mwa msikiti. Sikulala. Walio na hali hii mnaishi kwa kazi gani?

Mzee wa Langoni: Bi Shela, mimi sioni tangu utotoni na nasuka ukili. Kazi ni kuchana miyaa. Napasua kwa ukucha wa kidole gumba, kisha napima upana kwa ncha ya kidole. Mmoja ukizidi, ukili unapinda na mkeka haulali chini. Miyaa mikavu hukatika ukiikunja, kwa hiyo nairushia maji na kuifunga kwa kitambaa kwanza. Miyaa ya rangi, mke wangu huifunga mafungu: nyekundu fundo moja, nyeusi mawili.

Lakini kilichonitoa machozi ni malipo, si kusuka. Mteja alichukua mikeka miwili, akasema ameshatuma. Simu ikanisomea "umepokea", nikamwachia. Jioni nikabonyeza *334#, salio liko vilevile! Ujumbe ulitoka namba ya mtu, sikungoja simu inisomee jina la mtumaji. Siku hizi mkeka hautoki mikononi kabla sijasikia salio.

Mtu wa Mkomani: Kweli kabisa mzee, hata sisi wenye macho tumelizwa hivyo.

Nahodha Mstaafu: Si achukue taslimu tu? Noti zilizotoka 2019 zina mistari ya kugusa ukingoni, inaongezeka thamani ikipanda.

Mzee wa Langoni: Iguse noti iliyokaa miezi mfukoni mwa muuza samaki, halafu uniambie ni mistari mingapi.

Nahodha Mstaafu: Nilisema noti mpya, mzee. Usinirukie.

Kijana wa Malindi: Mimi sikio la kushoto linavuja usaha, nitie nini?

Mtu wa Mkomani: Usitie kitu, nenda zahanati! Hapa ni mambo ya kazi.

Fundi Vito: Mimi ndiye mzito wa masikio, nadarizi kofia. Kushona hakunisumbui, vipimo ndivyo vilivyonitesa. Bwana harusi alisema inchi ishirini na moja, nikasikia ishirini na mbili. Siku ya nikaha kofia ikamwangukia machoni, watu wakacheka, na kazi ya miezi ikarudishwa. Sasa mteja anazungusha uzi kichwani mwake, anafunga fundo, ananiachia uzi wenyewe.

Nahodha Mstaafu: Kijana ahifadhi Qurani, sauti na kumbukumbu zitamlisha.

Fundi Vito: Kuhifadhi ni miaka, na wanaoalikwa kusoma ni walewale. Asome, lakini mkono uwe na kazi.

Bi Shela: Mzee wangu, ukili unalipa lakini?

Mzee wa Langoni: Polepole, mama. Mkeka wa plastiki unatushinda bei, nauza zaidi kwa wenye arusi na wageni. Mlete Jumamosi baada ya alasiri. Na mwambie asikate kucha za vidole gumba.