Mrejesho: vijiji kwa ukubwa, kisha kaya 20

Niliuliza kuhusu sampuli ya utafiti wa kaya: "Nikichagua vijiji kulingana na idadi ya kaya, je, nichukue kaya 20 kila kijiji, kikubwa na kidogo sawa?"

Ndiyo, nimefanya hivyo, na asanteni sana. Orodha ya vijiji vyote ilikuwa na jumla ya kaya 24,000 na nilihitaji vijiji 30, kwa hiyo nafasi ya kuruka ikawa 800. Nilijumlisha kaya kijiji baada ya kijiji, nikapata kianzio cha bahati nasibu, 365, kisha 1,165, 1,965, na kuendelea. Kila namba ilipoangukia, kijiji hicho ndicho kilichoingia.

Kilichonishtua ni orodha kuwa ya zamani. Kijiji kimoja kiliandikwa kaya 200, lakini tulipozunguka nyumba kwa nyumba tukahesabu 320. Msimamizi mmoja alitaka nirekebishe ukubwa wake na kuchagua upya. Nilikataa, maana uwezekano wa kijiji kuingia ulishaamuliwa na ile 200: 30 × 200 / 24,000, yaani 0.25. Kinachobadilika ni hatua ya pili, 20 / 320 badala ya 20 / 200. Uzito wa kila kaya hapo, yaani idadi ya kaya inazowakilisha, ni 1 gawanya kwa zao la uwezekano huo wa hatua mbili, kwa hiyo ukawa 64, si 40.

Ningebaki na 40, kijiji kilichokua kingehesabiwa pungufu, na kaya zilizohamia karibuni zingepotea kwenye makadirio. Kwa hiyo hifadhini namba zote mbili, ya orodha na ya uwanjani.