Ngalawa Jambiani: Mjerumani kamgongea mlinzi saa nane na nusu usiku. Niandikeje?

mwana_jambiani:
Asalaam alaykum. Natembeza wageni kwa ngalawa hadi mwambani. Ukurasa wangu wa Kiswahili unasema: "Karibuni nyote. Tunatoka maji yakijaa. Bei maelewano." Nikaufasiri vivyo hivyo kwa Kijerumani. Wiki iliyopita mke na mume waliniuliza saa ngapi, nikawaandikia 2.30 Uhr, yaani saa mbili na nusu asubuhi. Wakaja usiku wa manane na mabegi yao! Nimeona haya sana. Nirekebishe vipi?

bi_shangani:
Waalaykum salaam mwanangu. Saa yetu ongeza sita: mwandikie 8.30 Uhr. Lakini hilo ndilo dogo. "Maji yakijaa" mtu wa pwani anaelewa, atapiga simu jana yake. Mjerumani anapanga siku zake kabla hajapanda ndege, na maji yanasogea kama dakika 50 kila siku. Siku za bamvua, saa nne asubuhi ngalawa yako imekaa mchangani. Kwa hiyo mwekee jedwali la mwezi mzima: tarehe, saa ya kutoka, saa ya kurudi, bei kwa kila mtu, chakula kimo au hakimo, na safari ikivunjika kwa upepo pesa zinarudi vipi. Mwambie wazi pia kwamba maji yakipwa hapo hakuogeleki, atatembea tu kuona mashamba ya mwani. Ukimficha, atakasirika akifika.

Ukurasa wa Kiswahili usiujaze hayo. Familia ya Dar inataka bei ya chombo kizima kwa shilingi, namba ya simu, na kama watarudi kuwahi adhuhuri. Na ile "karibuni nyote" iache juu kabisa. Kwa Mjerumani mstari mmoja wa salamu unatosha.

kijana_wa_paje:
8.30 ni ya kwenye tiketi. Wenyewe husema halb. Andika halb acht, atajiona yuko kwao.

bi_shangani:
Kweli husema halb, ila wao huhesabu nusu ya kuelekea saa inayofuata. Halb acht ni 7.30, yako ni halb neun. Atakuja saa nzima kabla. Andika tarakimu.

popo_kidike:
Mimi niko Pemba, nawapeleka watu kuona popo. Mgeni wangu alisoma bei ya Kiswahili, akauliza kwa nini mwenyeji analipa kidogo. Nyinyi mnaificha?

mwana_jambiani:
Ahsante bi. Jedwali naanza leo, na saa zote kwa tarakimu. Hilo la popo_kidike limenigusa, maana "maelewano" yangu ndiyo hiyo hiyo bei mbili.

bi_shangani:
Mimi ningeziweka zote mbili wazi, kwa lugha zote mbili, na sababu yake. Mwenzangu wa kazi anasema hapana, itafukuza wageni. Bado tunabishana.

kijana_wa_paje:
Na wageni tuwaite Sie ya heshima au du ya kirafiki? Vijana wa kaiti hapa wote ni du.

bi_shangani:
Kwa kaiti sawa. Hao wa ngalawa wengi ni watu wazima, mimi ningeanza na Sie.