Naomba ushauri: aya ya "Kuhusu Sisi" ya kahawa yetu, Tanga

Habari zenu wadau. Mimi na rafiki yangu tunakaanga kahawa hapa Ngamiani. Tumekwama kwenye aya ya kubandika nyuma ya pakiti. Rasimu ni hii:

"Sisi ni marafiki wawili tuliozoeana barazani, kwa kikombe cha kahawa na kipande cha kashata. Tunanunua arabika ya Lushoto na kuikaanga kilo tano tano. Buni zikianza kupasuka kama bisi tunahesabu dakika mbili, kisha tunaipua kabla hazijatoa mafuta. Tarehe ya kukaanga tunaiandika kwa mkono."

Mimi naipenda, hasa hapo pa bisi. Shida ni pakiti yetu ya pili, ya wanaotaka kahawa chungu ya barazani. Ile tunachanganya na robusta ya Kagera na kuikaanga mpaka ing'ae mafuta. Mwenzangu anataka aya hiyohiyo ikae kote, maana Lushoto inavutia. Mimi naona mnunuzi atakuwa amedanganywa, tena atayaona mafuta mwenyewe akifungua.

Tuandike aya mbili, au sentensi moja ya kuitaja Kagera inatosha? Na ikae wapi?