Naomba ushauri: makato ya mkopo wa mshahara na kinachobaki mkononi

Habari za jioni ndugu wanajamvi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Nachingwea, na mshahara wangu wa msingi ni shilingi 800,000. Kabla ya mkopo wowote wa benki hukatwa kodi 68,000, mfuko wa hifadhi ya jamii 40,000, bima ya afya 24,000 na bodi ya mikopo 120,000, hivyo hubaki 548,000. Rejesho la benki ni 214,000 kwa mwezi, kwa hiyo mkononi napokea 334,000, ambayo bado iko juu ya theluthi ya mshahara wa msingi, yaani takriban 266,700.

Mkopo wangu wa milioni 6 wa miezi 36 umebakiza marejesho 14. Ofisa mikopo ananishawishi niuanze upya kwa masharti yaleyale: deni lililobaki, milioni 2.7, lifutwe, nami nipewe milioni 3.3 za kumalizia kuezeka nyumba. Anasisitiza kwamba makato hayataongezeka, na ni kweli, ila nimehesabu kwamba nitakatwa miezi 22 zaidi, ambayo ni shilingi 4,708,000, na ada za mkopo mpya bado hazijaguswa.

Je, nivumilie miezi 14 na kuta zangu zilizonyeshewa msimu uliopita, au nichukue? Na aliyewahi kuongeza mkopo namna hii, fedha alizopokea zilipungua kiasi gani baada ya ada na bima?