Naomba ushauri: mshahara mmoja au posho za usiku?

Habari wakuu. Mimi ni nesi, hospitali binafsi hapa Dar. Nimepewa mikataba miwili nichague: 900,000 kwa mwezi, "posho zote zimo ndani", au msingi 780,000, posho ya mazingira hatarishi 60,000 na nyongeza ya usiku.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka nyongeza isiyopungua 5% ya msingi kwa kila saa ya usiku, saa 2 usiku hadi 12 asubuhi. 780,000 gawanya kwa saa 195 za mwezi ni 4,000, kwa hiyo nyongeza ni 200 kwa saa. Zamu kumi za saa kumi ni 20,000 tu! Jumla 860,000.

Lakini huo mkataba wa kwanza hautaji mshahara wa msingi, na kiinua mgongo hupigwa kwenye msingi. Wanaweza kuniongezea zamu bila senti. Niwadai wautenganishe kabla ya kusaini?