Familia ya Kirumba: Picha ya Neema

Neema: jamani NIMEMALIZAAA 😭😭 picha hiyo hapo juu, nataka kuposti kabla usingizi haujanibeba, nimeandika "Marathoni yangu ya kwanza, km 21.4, 2:35:40" mnaonaje

Shangazi Pendo: Hongera sana mwanangu!! Ila 1147 mbona umekuwa wa mbali hivyo

Neema: 😂😂 shangazi hiyo namba ya kifuani tu, tumegawiwa jana

Mjomba Masanja: Wabeja sana mpwa wangu. Usiposti kwanza. Marathoni ni 42, andika nusu marathoni, wakimbiaji watakusema. Na hiyo 21.4 umeitoa wapi

Neema: saa yangu ya mkononi si inasoma satelaiti

Mjomba Masanja: Basi andika 21.1. Njia hupimwa kwa mstari mfupi kabisa, kwenye kona wanabana ndani, wewe umezunguka kwa nje huku unakwepa watu, na satelaiti nayo inayumba kidogo, ndo hizo mita za ziada. Ukigawa kwa 21.4 utajiona una 7:16 kwa kilomita kumbe ni 7:23

Kaka Deo: 7:23 mimi natembea hivyo nikienda dukani

Neema: toka hapa, wewe ngazi tu unahema

Mjomba Masanja: Halafu hiyo 2:35 umeisoma kwenye saa kubwa ya pale finishi. Ile inaanza kuhesabu mlio wa bunduki unapolia. Ulisimama wapi mwanzoni?

Neema: nyuma kabisaa, tulivyosogea mpaka kwenye mkeka bunduki ilishalia kitambo

Mjomba Masanja: Ehee. Chipu iliyobandikwa nyuma ya namba yako inaanza ukikanyaga mkeka. Angalia meseji ya matokeo.

Neema: 2:32:05!! dakika tatu na nusu zangu hizo

Kaka Deo: Saa ya bunduki ndo rasmi bwana, chipu ni ya kujifariji

Mjomba Masanja: Rasmi kwa wanaogombea zawadi, Deo, washindi wanapangwa kwa bunduki. Mtu wa nyuma anapima miguu yake, sio foleni

Kaka Deo: Mi bado naona rasmi ni rasmi

Mama mdogo: Mimi nilipokimbia ile ya km 5 kucha ya dole gumba ikawa nyeusi ikang'oka, Neema vua viatu utazame

Neema: nimetazama mama, ipo ila inauma. Picha yenyewe mmeiona, nimeinamisha kichwa nazima saa, mdomo mweupe kwa chumvi

Kaka Deo: Unafanana na mtu aliyedondosha hela. Mwakani pita kwanza mkeka, zima mbele huko, wapiga picha wamekaa palepale

Neema: sawa napost hivi: "Nusu marathoni ya kwanza. Km 21.1, saa 2:32:05. Mlima wa Bwiru nilitembea, msiniulize. Hapo sio huzuni, natafuta kitufe." 🏅

Mjomba Masanja: Hiyo safi. Usikae chini sasa hivi, tembeatembea kwanza

Neema: nishakaa mjomba 😩 nani aje aninyanyue

Shangazi Pendo: Kwa hiyo wamekupa shilingi ngapi